Namba ya 14.2 iliyotoka kidoleni

Asubuhi moja mashine yangu ya kupima sukari ilinionyesha 14.2 kabla sijatia chochote kinywani. Kwa wiki tatu mfululizo namba zangu za alfajiri zilikuwa zikicheza kati ya 6 na 7.5, kwa hiyo niliposoma ile nilishtuka. Natumia vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamidi, na wazo la kwanza lililonijia ni kumeza glibenklamidi moja ya ziada. Kidonge nilikuwa nimeshakishika mkononi. Ndipo nikakumbuka kwamba dakika chache nyuma nilikuwa nimewamenyea watoto machungwa na kuifuta mikono kwa kitambaa tu. Nikanawa kwa sabuni, nikaikausha, nikatoboa kidole kingine. Safari hii ilisoma 6.9.

Laiti ningemeza kile kidonge juu ya sukari ya 6.9, huenda mchana ungenikuta nimeanguka. Tangu siku hiyo nikiona namba ya ajabu nakagua kwanza kidole, kisha stripu, na mwisho kabisa ndipo naifikiria sukari yenyewe.

Tone la damu ambalo stripu inalivuta ni dogo mno, pengine kama kichwa cha pini. Alama ya juisi usiyoiona kwa macho inatosha kulipandisha tone hilo kwa namba nyingi. Pamba ya spiriti haiondoi vizuri sukari ya matunda, na spiriti isipokauka inaweza kuharibu kipimo. Kinachofaa ni sabuni na maji, ya uvuguvugu yakipatikana, maana mkono wenye joto hutoa damu kwa urahisi. Kausha mpaka katikati ya vidole, kwa sababu maji yakichanganyika na damu yanaizimua. Ukiwa mahali pasipo na maji, futa tone la kwanza na upime kwa la pili.

Wengi tunatoboa katikati ya ncha ya kidole, mahali penye mishipa mingi ya fahamu, halafu tunalalamika kuwa kupima kunauma. Toboa ubavuni mwa ncha, na ubadilishe vidole siku hadi siku. Kabla ya kutoboa, ning'iniza mkono chini kwa nusu dakika hivi. Kalamu ya kutobolea ianze kwenye namba ya chini, uipandishe tu kama damu haitoki. Damu ikisita, sukuma taratibu kutoka kiganjani kuelekea kidoleni. Usiikamue ncha kwa nguvu, kwa maana utatoa majimaji ya nyamani pamoja na damu, na namba haitakuwa ya kuaminika. Tone likishajaa, gusisha ukingo wa stripu ulivute wenyewe. Kulipaka juu ya stripu, au kuongeza damu baada ya mashine kuanza kuhesabu, ni kuipoteza stripu. Na sindano ile, pamoja na kalamu yake, isitumiwe na mtu mwingine hata kama ni mwenza wako, kwa sababu homa ya ini aina ya B inaambukizwa kwa njia hiyo.

Sasa stripu zenyewe. Kila moja imepakwa kimeng'enya, na kimeng'enya hicho hakipatani na unyevu wala joto. Ndiyo maana kichupa chake kina dawa ya kunyonya unyevu na kifuniko kinachobana mpaka kinalia. Mimi niliwahi kuhamishia stripu kumi kwenye kimfuko cha plastiki ili nisibebe kichupa safarini. Baada ya siku nne zilianza kunipa 5 na 11 kwa kidole kilekile, zikifuatana kwa dakika mbili. Nilizitupa zote, kwa sababu stripu iliyoharibika inaweza kupandisha au kushusha, na huwezi kukadiria imekosea upande gani. Chomoa moja kwa vidole vikavu, funga palepale, kisha ndipo utoboe. Usiziweke kwenye friji wala ndani ya gari lililo juani. Nyingi zinataka joto lisilozidi nyuzi 30, lakini soma lebo ya kichupa chako. Siku unayokifungua andika tarehe ubavuni kwa kalamu, kwa maana aina nyingi zina muda maalumu wa kutumika baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe ya kiwandani bado iko mbali. Ukiwa na mashaka, tumia maji ya majaribio ya mashine hiyo. Unagusisha tone lake badala ya damu, na namba inapaswa kuangukia kati ya mipaka iliyochapishwa kwenye kichupa cha stripu.

Hata kila kitu kikiwa sawa, mashine nzuri inaruhusiwa kupishana na maabara kwa takriban asilimia 15. Sukari ya 8 ya kweli inaweza kusomeka 7 au 9. Kwa hiyo ukipata 7.6 leo na 8.2 kesho, usiseme imepanda. Angalia pia kipimo kilichoandikwa kwenye skrini, kwa sababu mashine nyingine huonyesha mg/dL badala ya mmol/L, na hapo 126 ni sawa na 7.

Kwa mtu wa vidonge, namba zinazosema mengi ni mbili. Ya kwanza ni ya asubuhi kabla ya kula, na kwa watu wazima wengi lengo huwa kati ya 4 na 7, ingawa daktari anaweza kukuwekea lengo lingine. Usiku ini linamwaga sukari kwenye damu, na metformini kazi yake kubwa ni kulizuia. Asubuhi zikisoma 9 na 10 wiki nzima kwa mikono safi, huo ndio ujumbe wa kumpelekea daktari, naye ndiye atakayeamua kuhusu dozi. Ya pili ni ya saa mbili baada ya tonge la kwanza, na wengi huambiwa isizidi 8.5 au 10. Mimi nilipima 6.4 kabla ya chakula cha mchana na 11.8 baadaye. Nikarudia siku mbili nyingine kwa sahani ileile, ikapanda vilevile. Nilipunguza wanga kwa nusu, ikaishia 8.9. Hapo tatizo lilikuwa sahani, na kidonge sikukigusa.

Namba isiyosubiri ni ya chini ya 4. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kukufikisha huko, lakini glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi zinakufikisha, hasa ukimeza kisha ukachelewa kula. Ukitetemeka, ukatoka jasho na moyo ukaenda mbio, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali haraka. Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu na inaweza kuishusha sukari tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo hata ukijisikia mzima nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na usimeze dozi inayofuata kabla ya kuuliza. Na kabla ya kile kipimo cha dakika 15, nawa mikono upya, maana kidole kilichoshika sukari kitakuonyesha umepanda wakati bado uko chini.