Ule ujumbe wa sindano na kiharusi: niliutafsiri vizuri, na hapo ndipo nilipokosea

Juzi mama mdogo aliutuma tena kwenye kundi la familia ule ujumbe wa sindano. Safari hii sikunyamaza. Najua kila ukoo una mtu kama mimi, anayeambiwa: "Mwanangu, hebu tusomee hiki Kizungu, wanasema nini?"

Mara ya kwanza ulipokuja, miaka miwili iliyopita, niliugeuza Kiswahili neno kwa neno na nikasifiwa sana. Unasema hivi: profesa mmoja wa Kichina anashauri uweke sindano nyumbani. Mtu akipata kiharusi, mishipa midogo ya ubongo hupasuka, kwa hiyo usimsogeze hata kidogo. Mkalishe hapohapo, choma sindano kwenye moto, mtoboe ncha za vidole vyote kumi mpaka damu itoke. Mdomo ukiwa umepinda, vuta masikio mpaka yawe mekundu, kisha toboa kila ndewe mara mbili. Baada ya dakika chache atazinduka.

Mwaka jana baba mkubwa alianguka uani akitoka kuswali alfajiri. Mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea. Binamu yangu akafungua simu akasoma maneno yangu, yale yale niliyoyaandika mimi. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamtoboa kidole kimoja kimoja, wakasubiri azinduke. Hakuna aliyethubutu kumwinua, kwa sababu niliandika asisogezwe. Walipofika hospitali ya mkoa jua lilikuwa limeshapanda. Swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?" Waliangaliana. Yupo hai, ila mkono wa kulia haushiki kikombe. Kama wangewahi ungepona? Hilo siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba nafasi ya kuwahi tuliipoteza sisi.

Safari hii nilianza na neno lenyewe. Kwetu mtu "amepooza", na kupooza kunasikika kama jambo lililokwisha, la kuanza kuuguza polepole. Kiharusi ni tukio linaloendelea ndani ya ubongo dakika ile ile. Mara nyingi hakuna kilichopasuka: ni donge la damu limeziba mshipa, na sehemu ya ubongo inakufa kwa kukosa damu. Mara chache zaidi mshipa hupasuka kweli. Ujumbe unataja kupasuka tu, ndiyo maana kutoa damu kunaonekana kuwa na mantiki, kama kupunguza upepo kwenye tairi. Lakini matone kumi ya vidoleni na manne ya masikioni hayafiki hata mililita moja, na mtu mzima ana damu kama lita 5. Donge lililo kichwani halisikii lolote. Na mdomo unapinda kwa sababu ubongo unaouendesha umeumia, sikio halihusiki.

Shangazi akauliza mbona kuna watu wametobolewa wakapona. Swali zuri. Kuna wanaozibwa mshipa kwa muda mfupi, kisha unafunguka wenyewe, mara nyingi ndani ya saa moja. Huyo angeamka hata bila sindano, na bado anatakiwa afike hospitali siku hiyo hiyo, maana kiharusi kikubwa kinaweza kuwa njiani. Wengine sukari ilishuka tu.

Sumu kubwa ya ujumbe, niliwaambia, ni ile "usimsogeze". Kumpakia mgonjwa kwenye gari hakupasui mishipa. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na lazima kwanza ipigwe picha ya ubongo, kwa sababu ukimpa mwenye mshipa uliopasuka unaweza kumuua. Kwa sababu hiyo hiyo msimpe aspirini nyumbani. Wala maji au uji, koo huenda halimezi. Akizimia, mlazeni ubavu.

Ndugu mnaotafsiri, nisikieni. Ukiandika "mtoboe vidole", umeshatoa amri wewe, na aliyeko kijijini anamwamini mtoto wake aliyesoma, hamwamini profesa asiye na jina. Andikeni "ujumbe unadai kwamba", kila sentensi, hata ikichosha. Na pale penye ukweli semeni pia. Baadhi ya nakala za ujumbe huu zina kipande cha kumwambia mgonjwa atabasamu, aseme sentensi, ainue mikono yote miwili. Hicho ni sahihi, na ndicho kinachoupa uongo uliobaki heshima. Nilikikata nikakituma peke yake, nikaongeza: tazama saa, iandike.

Mama mdogo alikaa kimya jioni nzima. Usiku akaandika: "Kwa hiyo sindano niitupe?" Nikamjibu: "Shonea, mama mdogo. Lakini tuwekee hapa namba ya yule jirani mwenye gari." Akaiweka, na chini yake: "Anaamka hata saa nane usiku, nimeshamuuliza."