Kufupisha video ya mafunzo: anza na karatasi, mkasi baadaye

Wewe uliyepewa kazi ya kuhariri video za kufundishia wafanyakazi wapya, kosa la kwanza linalokusubiri ni kufungua CapCut na kuanza kukata palepale. Utakata kimya na kikohozi, video itapungua sekunde arobaini, na marudio yote yatabaki. Marudio hayaonekani kwa kuangalia, yanaonekana yakiandikwa.

Nitatumia mfano wa video ya kusafisha mashine ya kusaga nyama, iliyopigwa kwenye bucha moja huku Tabata. Ilikuwa ya dakika 12. Kijana mpya anaitazama kwenye simu nyuma ya duka, friji linanguruma, makonda wanaita abiria nje, na mara nyingi sauti haisikiki kabisa. Hiyo ndiyo hali unayoihariria.

Chukua daftari, chora safu tatu: muda, kinachosemwa, kinachoonekana. Andika video nzima, kisha pitia kila mstari na ujiulize kama mtazamaji ameshakisikia au kukiona kitu hicho. Kwenye video yetu, salamu na utangulizi vilikula 1:20. Tukabakiza sekunde 10. Kisha mwelekezaji alitaja majina ya vifaa vyote kwa 1:50, halafu akavitaja tena kimoja kimoja alipokuwa akivitoa. Ile orodha ya kwanza tuliiondoa yote. Kuosha kulichukua dakika 4, kwa sababu kila kifaa kilisuguliwa mwanzo hadi mwisho mbele ya kamera. Tulionyesha kimoja kikamilifu, vingine tukaonyesha pale tu panapotofautiana, mfano matundu ya sahani yanayotaka brashi nyembamba. Ikabaki 1:30. Muhtasari wa mwisho wa 1:30 ukawa orodha iliyoandikwa, inakaa sekunde 10 kwenye skrini. Hapo tumeokoa 6:50.

Sasa angalia safu ya tatu, maana daftari linaonyesha pia kilichokosekana. Mwelekezaji alisema mara tatu kwamba kisu kirudishwe kwa upande wake sahihi, lakini kamera ilikionyesha kisu chenyewe kwa sekunde mbili, tena kikiwa kimefunikwa na kiganja. Na hapo ndipo wageni wanapokosea: upande bapa wa kisu unatakiwa utazame sahani ya matundu. Ukigeuzwa, nyama haikatwi, inapondwa na kuziba matundu, na mtu anadhani kisu kimeisha makali. Tulikata kauli mbili kati ya zile tatu, tukapiga upya picha ya karibu, tukaigandisha. Ziliongezeka sekunde 15. Video ikaishia 5:25. Kwa hiyo usione haya kurefusha sehemu moja ndani ya kazi ya kufupisha.

Tahadhari ndiyo marudio pekee ninayoyatetea, ila iwekwe mkono unapokaribia hatari, isirundikwe mwanzoni. “Plagi imechomolewa?” inakaa kabla ya kufungua mashine, na tena kabla ya kuingiza vidole kurudisha kisu.

Tukija kwenye maandishi ya hatua: video ya zamani ilikuwa na kichwa kimoja, “USAFISHAJI”, kilichofunika kazi tatu. Hakimsaidii mtu mwenye mikono yenye mafuta anayetafuta alipoishia. Andika namba, jumla, kitenzi cha kuamrisha na kitu: “Hatua 2 kati ya 9: Chomoa plagi”. Mwanzoni tulikuwa na “Zima na chomoa” kama hatua moja. Kijana wa majaribio alizima swichi akaendelea, plagi ipo ukutani. Tukazitenganisha. Ukiona “na” inaunganisha vitendo viwili, jua pengine hatua ni mbili.

Maandishi yakae muda wote wa hatua, siyo kutokea na kupotea. Yaweke juu, kwa sababu chini kuna kitufe na mstari wa kusogezea video. Tumia herufi nene nyeupe juu ya ukanda mweusi. Herufi nyembamba zikipita WhatsApp zinakuwa ukungu. Na ukikata sauti, kata baada ya pumzi, usikate katikati yake, kisha acha picha ya mwisho wa kila hatua itulie sekunde mbili ili mtu aweze kusimamisha.

Jaribu kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa mashine, sauti ikiwa imezimwa. Usimwelekeze. Andika tu kila anaporudi kuangalia simu. Akirudi mara kwa mara kwenye hatua ileile, picha yake ndiyo yenye shida, siyo yeye.

Faili refu la awali usilifute, na kila hatua ihifadhi kama klipu yake. Bucha likinunua mashine yenye nati ya aina nyingine, utapiga upya hatua ya kuifungua na ya kuifunga tu.