Dishi halipati mawimbi tangu upepo wa juzi

"Tangu upepo mkali wa juzi king'amuzi kinaandika hakuna mawimbi. Nimekizima na kukiwasha, wapi. Nianzie wapi?"

Pole ndugu. Fungua menyu ya mawimbi uangalie nguvu na ubora. Kama nguvu ipo lakini ubora ni sifuri, kwa upepo huo nashuku dishi limesogea. Legeza nati kidogo, lisukume milimita chache tu, subiri sekunde kadhaa king'amuzi kisome, kisha endelea. Ukilizungusha haraka utaipita satelaiti bila kujua.

Vyote vikiwa sifuri, usiguse dishi kwanza. Chomoa king'amuzi kwenye umeme, fungua koneta za waya pande zote mbili. Shaba ya katikati itokeze milimita 2 au 3, na nyuzi za wavu zisiiguse hata moja, maana hapo ni shoti. Ikiwa na kutu ya kijani, kata ufunge upya.

Bado? Washa king'amuzi, pima kwa mita mwisho wa waya kule kwenye dishi: volti 13 au 18 hivi zikifika, waya ni mzima, badilisha LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi. Zisipofika, tatizo ni waya au king'amuzi chenyewe.