Usile kuponi yote: hesabu ya mstaafu asiye na pensheni

Shemeji yangu alifunga duka lake pale Mbuyuni, Moshi, akiwa na miaka 60. Akiba yake yote ilikuwa shilingi milioni 60. Hana pensheni ya kila mwezi, na hakutaka kuikabidhi kampuni ya bima fedha yote ili alipwe hadi kufa. Alitaka mtaji ubaki mkononi mwake, achote kidogo kidogo. Nilipoketi naye kupiga hesabu, tayari alikuwa na jibu: "Nanunua hatifungani ya serikali ya miaka 20, inatoa asilimia 12, nakula 600,000 kwa mwezi, mtaji siugusi."

Wastaafu wengi ninaowafahamu huku kwetu wanawaza hivyo hivyo, na ndiyo maana naandika. Mtaji kweli haupungui, ila kuponi, yaani riba ambayo hatifungani hulipa, nayo haiongezeki. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 14 hivi zinakuwa zimefika maradufu. Shemeji akifika miaka 74, ile 600,000 itanunua sukari, gesi na dawa za leo za 300,000. Na miaka ya 70 ndiyo miaka ya dawa.

Basi tuseme anaongeza matumizi kila mwaka kwa asilimia 5 ili maisha yasishuke, na fedha iliyobaki inaendelea kuzaa asilimia 12. Niliandika mwaka mmoja mmoja kwenye daftari lake. Mwaka wa kwanza anatumia milioni 7.2, anabaki na 60 kamili. Mwaka wa tano bado ana karibu milioni 56, na hapo mtu hawezi kuona hatari yoyote. Mwaka wa kumi ana 34. Mwaka wa 13 ana milioni 7 tu, na mwaka wa 14 fedha inaisha kabla mwaka haujakwisha. Nataka uangalie mwendo huo: nusu ya kwanza ya safari salio linasinzia, nusu ya pili linaporomoka. Anayesubiri salio limwambie apunguze, atapunguza akiwa amechelewa.

Huenda umesikia kanuni ya asilimia 4. Ilitoka kwa mshauri wa fedha Mmarekani, William Bengen, mwaka 1994: chota asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha ongeza kwa kadiri ya mfumuko wa bei, na fedha idumu miaka 30. Alipima kwa hisa na hatifungani za Marekani, na miaka ya Marekani. Asilimia ile huwezi kuileta Kilimanjaro ilivyo, kwa kuwa riba zetu ni kubwa zaidi na bei zetu zimewahi kuruka vibaya. Desemba 2011 mfumuko ulikaribia asilimia 20. Kinachofaa kuchukuliwa ni njia yake, yaani kupima kwa hali mbaya, siyo hali ya leo.

Tulikubaliana ale nusu ya kuponi: 300,000 kwa mwezi, sawa na asilimia 6 ya akiba kwa mwaka wa kwanza, na aongeze kila Januari. Nikaipima kwa hali mbaya: faida ishuke hadi asilimia 10, bei zipande kwa 6. Inafika karibu miaka 29. Kushuka kwa faida si jambo la kufikirika. Mwaka 2022 kuponi ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na nusu anayoirudisha lazima iwekwe kwa riba ya siku hiyo.

Kuponi huingia benki mara mbili kwa mwaka, milioni 3.6 kila mara. Siku hiyo hiyo milioni 1.8 inakwenda kwenye akaunti ya matumizi ya miezi sita. Nyingine 1.8 inabaki kwenye mfuko wa ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako anaweza kuitoa bila kuuza hatifungani. Kuuza kabla ya muda kunaumiza kama hatifungani mpya zinalipa zaidi, maana mnunuzi atataka punguzo. Huo mfuko ukinona, milioni moja moja inanunua hatifungani nyingine.

Alichobishia ni Desemba, watoto wakipanda kutoka Dar. Nilimwambia sikukuu na ada za wajukuu zitoke kwenye ile 300,000, au aanze na 250,000 ajiwekee. Milioni 3 za ghafla katika mwaka wa pili zinaondoa pia kila riba ambayo zingezaa kwa miaka 27.

Kila Januari anagawa matumizi ya mwaka kwa salio. Ikivuka asilimia 8 kabla hajafika miaka 75, mwaka huo haongezi hata shilingi, hata kama bei zimepanda.