Namba moja, wenyewe wawili: nilivyozima ABS ya mteja kwa redio

Mwaka jana mama mmoja wa Segerea aliniletea gari lake nimfungie redio mpya. Alitaka redio ijiongeze sauti gari likikimbia na ishuke gari likisimama. Redio ilikuwa na uwezo huo, ila ilisubiri taarifa ya mwendo kwa mpangilio wa baiti usiofanana na wa gari. Nikachukua bodi ndogo, nikaiunga nyuma ya dashibodi kwenye nyaya mbili za CAN, njia ambayo kompyuta za gari zinapeana taarifa, nikaiandikia programu: soma mwendo wa gari, geuza mpangilio, tuma upya kwa namba ileile ambayo redio inaisikiliza, 0x2C4. Nililijaribu pale gerejini Tabata, redio ikafanya kazi vizuri, mama akalipa akaondoka.

Kabla ya saa moja kuisha simu ikaita. "Mwanangu, taa ya ABS imewaka. Nimezima gari nikawasha, ikazimika. Nimefika Buguruni imewaka tena." Aliporudi nikachomeka skana, ikanisomea U0121, yaani boksi nyingine za gari zimepoteza mawasiliano na kontroli boksi ya ABS, ile ya breki. Nikatikisa soketi zote, nikapima fyuzi, nikapima omu kati ya nyaya mbili za CAN gari likiwa limezimwa: 60, kama inavyotakiwa, maana kila mwisho wa waya una kizuizi cha 120. Waya mzima, boksi nzima. Kosa lilikuwa langu, na ukitaka kulielewa inabidi kwanza ujue kwa nini siku zote boksi hizi hazigongani.

Kwenye CAN hakuna msimamizi wa zamu. Boksi ya injini, ya ABS, ya mifuko ya hewa na dashibodi zote ziko kwenye waya uleule, na yeyote akiona waya umetulia anaruhusiwa kuanza. Wawili wakianza wakati uleule, hakuna kinachoharibika, kwa sababu ya jinsi umeme wenyewe unavyokaa. Ifikirie kamba moja iliyoshikwa na watu wengi. Kutuma 0 ni kuivuta: waya mmoja unapanda hadi kama volti 3.5 na mwenzake unashuka hadi 1.5. Kutuma 1 ni kuiachia tu, zote mbili zinarudi karibu na 2.5. Mtu mmoja akivuta, kamba imevutwa, hata kama kumi wengine wameachia. Na kila mtumaji, huku anatuma, anasoma waya kuona kama kilichoko ndicho alichokiweka.

Fremu, yaani ujumbe mmoja kwenye waya, inaanza na biti moja ya 0 ya kuamsha wote, halafu biti 11 za kitambulisho, yaani ile namba yake, kuanzia biti kubwa. Hapo ndipo mashindano yanapofanyika. Tuseme 0x2C4 na 0x2D0 zimeanza pamoja:

```
0x2C4   0 1 0 1 1 0 0 0 1 0 0
0x2D0   0 1 0 1 1 0 1
waya    0 1 0 1 1 0 0 0 1 0 0
```

Biti sita za mwanzo zinafanana, kila mmoja anasoma alichotuma na hajui kama ana mwenzake. Kwenye ya saba 0x2D0 ameachia, lakini anaisoma kamba imevutwa. Anajua papo hapo kuna mwenye namba ndogo kuliko yake, ananyamaza, anageuka msikilizaji. 0x2C4 hajui hata kama alikuwa na mpinzani. Fremu yake inaendelea bila kupoteza biti hata moja. Aliyeshindwa anasubiri waya utulie, anaanza tena mwenyewe. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo yenye haki ya njia. Usije ukajipa 0x001 kwa kifaa cha redio, utawapita watu wa breki bila sababu.

Sasa angalia shida yangu. Mashindano haya yanamalizika kwa sharti moja: namba zitofautiane. Bodi yangu na boksi ya ABS zote zilituma 0x2C4. Zikianza pamoja, biti zote 11 zinalingana, zote mbili zinajiona washindi, zote zinaingia kwenye data. Yangu ilikuwa na sifuri nyingi, ya ABS ilikuwa na mwendo halisi. Kwenye biti ya kwanza inayotofautiana, ABS inaachia na kukuta kamba imevutwa. Ingekuwa kwenye kitambulisho, ingenyamaza kwa heshima. Kwenye data, hilo ni kosa: inavuta biti sita mfululizo kuwaambia wote waitupe fremu ile. Na hapo zote mbili, kwa utii, zinangoja waya utulie na kuanza tena. Pamoja.

Kila mgongano unaongeza 8 kwenye kihesabu cha makosa cha mtumaji, na fremu iliyopita salama inapunguza 1 tu. Migongano 16 mfululizo inakufikisha 128, na kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde hiyo haifiki milisekunde tano. Baada ya 128 boksi hairuhusiwi tena kuharibu fremu za wengine, inalalamika kimyakimya. Hapo yenye sifuri, yaani yangu, ilipita, na ABS ikaendelea kujilimbikizia deni. Ikivuka 255 inajitoa kwenye waya yenyewe.

Kilichonisumbua zaidi ni kwa nini ilikuwa haitokei gerejini. ABS ilituma kila milisekunde 20, mimi kila 100. Kristali mbili zinazohesabu muda kwenye boksi hizi hazilingani sawasawa; zikitofautiana sehemu 50 kwa milioni, zamu zangu zinateleza mikrosekunde 50 kila sekunde, na zinazunguka milisekunde 20 nzima kwa sekunde 400. Karibu dakika saba za amani, halafu sekunde chache zote mbili zinajikuta zinasubiri fremu ileile ya mtu mwingine ipite. Mimi nilijaribu kwa dakika tatu!

Kama unataka kuunga kitu chochote kwenye CAN, kaa kimya kwanza na usikilize, kwa kompyuta ya Linux:

```
ip link set can0 type can bitrate 500000 listen-only on
ip link set can0 up
candump -t d can0,2C4:7FF
```

Safu ya kwanza ni muda tangu fremu iliyotangulia. Namba yenye mwenyewe mmoja inakupa 000.020, 000.020, 000.020 kama saa. Nilipofanya hivyo na bodi yangu ikiwa imeungwa, nikaona 000.020, 000.013, 000.007, 000.020, na kwenye zile fupi data inabadilika sura. Hapo unajua wako wawili. Ukisikiliza bila kifaa chako kuunganishwa, na ukiondoa kichujio cha ,2C4:7FF kwenye amri, utapata orodha ya namba zilizochukuliwa. Endesha gari, washa kila taa, maana zipo zinazotoka mara chache.

Kubadili namba tu hakukunisaidia, kwa sababu redio inaijua 0x2C4 peke yake. Nikaitoa redio kwenye waya wa gari kabisa. Bodi sasa ina milango miwili: mmoja unasikiliza gari bila kutuma chochote, mwingine ni waya mfupi wa redio, wenye vizuizi vyake viwili vya 120, na huko 0x2C4 ni yangu peke yangu. Pesa ya mlango wa pili sikumdai mama.