Kuondoa mkono wa mgeni begani

"Nina picha moja tu nzuri ya marehemu mama, ila mgeni wa harusini kamwekea mkono begani. Nautoaje bila kuharibu gauni lake la kitenge?"

Pole sana, ndugu yangu. Usianze kwa kufuta. Kwanza tazama bega la pili: kama linaonekana lote, kitambaa unachokihitaji kiko pale. Katika Photoshop lizungushie Lasso Tool, kuanzia kolani hadi mshono wa mkono wa gauni, kisha bonyeza Ctrl+J. Ligeuze kwa Edit > Transform > Flip Horizontal, ulisogeze juu ya vile vidole. Punguza Opacity hadi 50% uone chini, ulinganishe mshono na mshono, halafu irudishe 100%. Kingo zifiche kwa Layer Mask na brashi laini.

Kasoro huja kwenye mwanga. Kama jua lilitoka kushoto, bega uliloligeuza litang'aa upande usio wake. Lipunguzie au uliongezee mwanga kwa Curves. Maua ya kitenge nayo yatatazamana kama kwenye kioo. Yale mawili matatu makubwa yafunike kwa Clone Stamp, ukichota ua zima kutoka kifuani. Healing Brush usiipeleke karibu na vidole, maana huvuta rangi ya ngozi ikaacha doa la kahawia.

Mwisho kuza picha hadi 200% ukague chini ya pale vidole vilipokuwa. Kivuli chao husahaulika sana, na kikibaki, bega litaonekana limebonyea.