Kabla hujaagiza mzigo, jua forodha watatoza ushuru juu ya kiasi gani

Nilipoagiza feni za mezani 1,000 kwa mara ya kwanza, hesabu ya ushuru nilikuwa nimeshaipiga mwenyewe kwenye daftari. Ankara ilikuwa dola 10,000 na kiwango cha ushuru asilimia 20, kwa hiyo nikaandika 2,000. Juu yake nikaweka kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 15 ya 12,000, yaani 1,800. Jumla 3,800, na fedha hiyo niliitenga kabla meli haijatia nanga. Hati ya malipo ilipotoka ilisomeka 4,940. Nilimpigia wakala wangu wa forodha nikiwa na uhakika kwamba amekosea. Hakukosea. Asilimia nilizipata sawasawa, ila nilizipiga juu ya kiasi kisicho chenyewe.

Ushuru hutozwa juu ya thamani ya forodha, na bei ya ankara ni mwanzo tu wa thamani hiyo. Nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani hufuata mkataba mmoja wa kukadiria thamani, unaotokana na Kifungu cha 7 cha GATT ya 1994, yaani Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara. Afisa huanzia kwenye bei uliyolipa au utakayolipa, kisha huongeza vitu vilivyotajwa humo. Nauli ya meli na bima mkataba umeziachia kila nchi iamue yenyewe. Nchi nyingi huziingiza zote hadi bandari ya kushushia mzigo, lakini Marekani, kwa mfano, haiziingizi. Mimi naingiza mzigo kwenye nchi inayoziingiza, kwa hiyo nauli yangu ya dola 1,400 na bima ya dola 100 zilipanda juu ya ankara, na thamani ikawa 11,500.

Lakini hati ile ilihesabiwa juu ya 13,000. Zilibaki dola 1,500, na hizo ndizo zilizonifundisha zaidi. Nilitaka kava la mbele la feni liwe na umbo langu na nembo yangu, kiwanda kikanitaka nilipie kalibu ya kumiminia plastiki. Nililipa mara moja, kwa hati yake peke yake, wiki kadhaa kabla ya ankara ya feni. Kichwani mwangu ile ilikuwa gharama ya kuanzisha biashara na haikuhusiana na mzigo. Afisa aliomba hati za benki za malipo yote kwa muuzaji yule, akaziweka pembeni ya ankara, akauliza, "Hizi 1,500 ulilipia nini?" Nikamweleza ukweli. Akanionyesha kifungu: kalibu au kifaa chochote ambacho mnunuzi amempa muuzaji bure au kwa bei ya chini ili bidhaa zitengenezwe, thamani yake ni sehemu ya thamani ya bidhaa. Na pale ambapo mnunuzi amekilipia moja kwa moja kwa muuzaji huyo huyo, malipo hayo ni sehemu ya bei. Thamani ikawa 13,000, ushuru 2,600. Kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 15,600, ikatoka 2,340. Ukijumlisha unapata ile 4,940.

Jambo ambalo ningependa kuwa nimelijua mapema ni kwamba gharama ya kalibu si lazima ibebwe na shehena ya kwanza yote. Mkataba unaruhusu igawanywe kwenye uzalishaji mzima unaotarajiwa, mradi uwe na mkataba au oda thabiti ya kuonyesha. Mimi nilikuwa tayari nimekubaliana na kiwanda feni 3,000 kwa shehena tatu, ila makubaliano yalikuwa ya mdomo na jumbe za simu. Yangekuwa yameandikwa na kusainiwa, na nikaomba mgawanyo huo mapema, kila shehena ingebeba 500 tu. Ushuru wa shehena zote tatu ukijumlishwa usingepungua, lakini usingenibana wote kwa pamoja wakati sijauza hata feni moja.

Sasa tuje kwenye bei ya dukani. Mwaka uliofuata kiwango cha ushuru cha feni kilipanda kutoka asilimia 20 hadi 30, na wateja wengi wakaamini kwamba bei itapanda kwa asilimia 10. Chukua feni moja ya shehena ile. Thamani yake ya forodha ni dola 13, kwa hiyo ushuru unatoka 2.60 kwenda 3.90, ongezeko la 1.30. Gharama za bandari, ghala na lori ni 2.40, na hizo ushuru hauzigusi. Feni inayofika dukani ikiwa imenigharimu 18.00 sasa inanigharimu 19.30. Nikiweka faida yangu ya asilimia 30 kisha kodi ya ongezeko la thamani, bei ya mteja inatoka 26.91 kwenda 28.85. Hiyo ni asilimia 7 na kidogo, kwa sababu ushuru unahesabiwa kwenye thamani ya bandarini wakati bei ya dukani ina mambo mengine mengi ndani yake.

Lakini angalia kwa fedha taslimu. Serikali imeongeza ushuru wa 1.30, mteja anaongezewa 1.94, maana faida yangu na kodi vyote vimepigwa juu ya ushuru ule. Mimi niliamua kubakisha faida ile ile ya dola 5.40 kwa feni badala ya asilimia 30. Bei ikaja 28.41, na naona ni haki zaidi kwa mnunuzi, kwa sababu kazi yangu haikuongezeka. (Kama umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ile uliyolipa bandarini huidai unapowasilisha hesabu, ndiyo maana sikuiweka kwenye gharama ya 18.00. Kama hujasajiliwa, iweke.)

Wapo wauzaji watakaokuambia, "Nikuandikie ankara ya nusu?" Kataa. Forodha wanazo bei za mizigo inayofanana na wako, na wakiitilia shaka ankara watataka uthibitisho. Usiporidhisha, bei yako inawekwa kando, wanatumia kwanza thamani ya bidhaa zile zile zilizoingizwa na wengine, zikikosekana wanakwenda kwa zinazofanana nazo. Hapo hesabu haiko tena mikononi mwako, achilia mbali faini.

Shaka hiyo inaweza kukupata hata ukiwa mkweli. Shehena yangu ya tatu ilikuwa na punguzo halisi la asilimia 12, ikasimamishwa. Kilichoniokoa ni oda yenye tarehe, barua pepe za kupatana bei, na hati ya benki iliyolingana na ankara hadi senti ya mwisho. Una haki ya kuomba maelezo ya maandishi ya jinsi thamani ilivyofikiwa, na uamuzi ukichelewa unaweza kutoa mzigo kwa kuweka dhamana huku shauri likiendelea. Omba dhamana hiyo siku ile ile. Mimi nilibishana siku tisa kabla ya kuiomba, na tozo ya kuhifadhi kontena bandarini ilikula zaidi ya ushuru niliokuwa naupigania.